Redio ya Babu Haikusikia Vita

Picha ilinifikia kwa simu usiku wa Alhamisi, ikitoka mtaa wa Mkomani, Lamu. Redio ya mbao imekaa juu ya sanduku, na nyuma yake ni ukuta wa chokaa ulioanza kubambuka kwa chumvi. Kijana aliyeipiga ni wa nyumba ninayoifahamu, na maneno yake yalikuwa machache: "Ami, hii ni ya marehemu babu. Ndiyo aliyokuwa akisikilizia habari za vita vya Hitla. Ni ya mwaka gani, na ni aina gani?"

Redio za valvu zimekuwa kazi yangu ya jioni kwa miaka mingi, na picha kama hizi huzipokea mara kwa mara. Mtumaji hudhani kwamba nina kitabu kikubwa chenye picha za redio zote, kwamba nitafungua ukurasa na kumwambia "hii hapa". Hakuna kitabu cha namna hiyo. Viwanda vilikuwa vingi, kila kimoja kikitoa mitindo mipya karibu kila mwaka, na redio zilizoundwa kwa ajili ya nchi za joto mara nyingi hazikuuzwa kabisa Ulaya, kwa hiyo hazimo hata katika orodha za huko.

Kinachofanyika ni kujenga ua. Upande mmoja unaweka kigingi cha "haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huu", na upande wa pili kigingi cha "haiwezi kuwa ya baada ya mwaka huu". Kila kitu unachokiona pichani kinasogeza kigingi kimoja ndani kidogo. Ua ukibana vya kutosha, umri umepatikana, na mara nyingi jina la aina hujitokeza lenyewe.

Ila vigingi havina nguvu sawa. Kwa redio iliyoishi visiwani, mimi huviamini kwa mpangilio huu: kioo cha stesheni kwanza, kisha vitufe na jicho la kijani, kisha kasha, na vifundo vya kuzungushia mwisho kabisa. Kioo kilichapishwa kiwandani na hakuna fundi wa mtaani anayeweza kukichapisha upya. Kasha la mbao, kinyume chake, liko katika mji wa maseremala. Likipasuka litaungwa, likichakaa litapigwa vanishi, na upande ulioliwa na wadudu utatengenezwa mpya. Na kifundo kikipotea, chochote kinachoingia kwenye kijiti chake kitatumika.

Kioo kinasema nini

Nilimwomba kijana picha ya pili. Ile ya kwanza ilipigwa kwa taa ya simu, na mwanga ulikuwa umeruka juu ya kioo ukaacha doa jeupe katikati ya namba. Nikamwambia azime taa ya simu, asogeze redio karibu na dirisha mwanga uje kwa ubavu, asimame sawasawa mbele yake, na asiifute. Hilo la kutofuta nililirudia mara mbili. Maandishi ya kioo cha redio nyingi yamechapwa upande wa ndani, na rangi yake baada ya miaka sitini hushikilia kioo kama vumbi tu. Miaka ya nyuma niliwahi kupitisha kitambaa chenye maji na sabuni nyuma ya kioo cha redio moja nzuri. Mita zote za mawimbi mafupi zilibaki kwenye kitambaa.

Picha ya pili ilikuja asubuhi, na namba zikasomeka. Kioo ni kirefu, kimelala chini ya kasha kutoka ubavu hadi ubavu. Kina mistari minne. Mmoja ni wa masafa ya kati, na mitatu ni ya mawimbi mafupi. Hakuna mstari wa mawimbi marefu, na hakuna mstari wa FM.

Hapo tayari redio imeanza kusema. Mawimbi marefu yalikuwa chakula cha kila siku cha msikilizaji wa Ulaya. Waingereza walikuwa na mtambo wao mkubwa wa Droitwich tangu 1934. Huku kwetu hayakuwa na kituo cha kusikiliza. Kiwanda kilichotengeneza redio ya kuuzwa Afrika Mashariki kilikuwa na sababu nzuri ya kuacha mstari huo na kuongeza mawimbi mafupi, kwa sababu huko ndiko sauti zilikotoka, ziwe za Nairobi, Unguja, Kairo, Delhi au London. FM nayo ilianza kuenea Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Uingereza kuanzia 1955. Redio kubwa ya mbao isiyo na FM ni ama ya kabla ya hapo, ama iliundwa kwa ajili ya nchi ambazo FM ilikuwa bado. Mawimbi mafupi matatu yanaelekeza kwenye jibu la pili. Hii ni redio iliyozaliwa ikijua kwamba itasafiri.

Kisha nikakuza sehemu ya mstari wa kwanza wa mawimbi mafupi. Chini ya namba kuna vipande vinene vya rangi, na juu ya viwili imeandikwa 60 na 90. Msikilizaji wa zamani atakumbuka watangazaji wakisema "mita bendi 49" au "mita bendi 31". Hizo ni bendi za dunia nzima. Lakini mita 60 na mita 90 ni bendi za nchi za joto, zilizotengwa na mkutano wa kimataifa wa mawasiliano uliofanyika Atlantic City, Marekani, mwaka 1947. Sababu yake ni radi. Katika nchi za joto, masafa ya kati hujaa mikwaruzo ya ngurumo za mbali, na mawimbi mafupi ya mita 60 na 90 huvuka maili nyingi bila kuchafuka sana.

Hapa ni lazima kutofautisha mambo mawili, kwa kuwa wengi hukosea. Redio za kabla ya vita zilizouzwa nchi za joto nazo ziliweza kufika mita hizo. Mstari wao ulipita hapo kama barabara inavyopita kwenye pori. Kinachohesabika ni kile kipande cha rangi chenye namba, yaani kiwanda kusema kwamba hapa pana bendi ya utangazaji. Alama hiyo haikuwa ya kawaida kabla ya 1947. Kigingi cha kwanza kikaingia ardhini, na vita vya Hitla, vilivyokwisha 1945, vikabaki nje ya ua.

Sikumwambia kijana bado. Kigingi kimoja si ua.

Majina, na mtego wa Hezi

Vioo vingine ni rahisi zaidi, kwa sababu vimejaa majina ya miji. Hivyo husomwa kama ramani za zamani. Kikikutajia Batavia, unajua jina hilo lilichorwa kabla mji haujawa Jakarta, mwishoni mwa miaka ya 1940. Kikisema Leopoldville, ni cha kabla ya 1966, mwaka mji ulipoitwa Kinshasa. Redio zilizoletwa na maofisa wa Kiingereza kutoka kwao huandika Home, Light na Third, yaani idhaa za BBC. Light ilianza 1945 na Third 1946, na mgawanyo huo ukabadilishwa 1967. Maneno hayo matatu peke yake yanakupa ua wa miaka ishirini na moja.

Kioo cha Lamu hakikuwa na mji hata mmoja. Kilikuwa na mita, na kando yake vipimo vya masafa vilivyoandikwa Mc/s, yaani megasaiko kwa sekunde. Wengi wanajua kwamba baadaye dunia iliacha saiko ikachukua Hezi. Hertz alikuwa mwanafizikia wa Kijerumani, na kipimo chenye jina lake kilipitishwa rasmi na mkutano mkuu wa vipimo mwaka 1960, kisha kikaenea kwenye redio polepole katika muongo uliofuata. Kwa hiyo fundi hukimbilia kusema kwamba Mc/s ni ya zamani na MHz ni ya baada ya 1960.

Sheria hiyo ni nzuri kwa redio ya Kiingereza au ya Kimarekani, na ni mtego kwa redio ya Kijerumani. Wajerumani walikuwa wakiandika kHz na MHz kwenye redio zao tangu kabla ya vita. Niliwahi kuona redio iliyoandikiwa kibandiko cha miaka ya 1960 kwa sababu ya MHz tu, ilhali mwili wake wote ulikuwa wa karibu miaka kumi nyuma. Kabla ya kutumia kipimo kukisia mwaka, kitumie kukisia nchi. Lugha ya vitufe husaidia. SW ni Kiingereza na KW ni Kijerumani. Mfaransa huandika OC. Tundu la kuunganishia santuri, Mjerumani huliandika TA, Mwingereza Gram, na nyingine nyingi PU. Redio yetu ilikuwa na SW na PU, pamoja na Mc/s. Si Ujerumani, basi, au kama ni Ujerumani, imevaa nguo za kigeni.

Jicho na meno

Upande wa kushoto wa kioo pana kidirisha kidogo chenye umbo la upepeo uliofunguliwa. Hilo ndilo jicho la kijani, valvu ndogo inayong'aa na kukuonyesha kama umeipata stesheni sawasawa. Stesheni ikishika, kivuli chake kinasinyaa. Watoto wa zamani waliliogopa, na watu wazima walilitumia kuliko walivyotumia masikio.

Jicho la kwanza lilitoka Marekani mwaka 1935, kwa hiyo redio yoyote yenye jicho haitangulii mwaka huo. Lakini umbo lake linasema zaidi. Mwanzo lilikuwa duara, kama mboni ya paka, na hivyo ndivyo lilivyokaa kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 viwanda vya Ulaya vilileta valvu nyembamba zinazotazamwa kwa ubavu, nazo zilionyesha upepeo. Iliyoenea zaidi inaitwa EM80. Karibu na mwisho wa muongo huo upepeo ukaanza kupisha mistari miwili inayosogeleana, kama ile ya EM84. Kwa hiyo hata redio ikiwa imezimwa, umbo la kidirisha linakupa jibu. Upepeo unatuweka katikati ya miaka ya 1950 na kuendelea kidogo.

Chini ya kioo kuna safu ya vitufe vya rangi ya pembe ya ndovu, kama meno ya kinanda. Unabonyeza kimoja, kingine kinaruka juu. Katika redio za miaka ya 1940 bendi hubadilishwa kwa kuzungusha kifundo. Meno ya kinanda yalishika soko la Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1950, na baada ya miaka mitatu minne redio kubwa isiyo nayo ilionekana ya kizamani dukani.

Na katikati ya kitambaa cha spika, kwa herufi za dhahabu zilizoinama, kuna neno ambalo kijana alidhani ni jina la redio: Bi-Ampli. Ni jina la ufundi wa kampuni ya Philips ya Uholanzi, iliouleta katikati ya miaka ya 1950. Redio ina vikuza sauti viwili na spika zake, kimoja cha sauti nene na kingine cha sauti nyembamba. Wajerumani walikuwa na shindano lao wakati huohuo, wakiandika 3D mbele ya redio zao kuanzia 1954 hivi. Maneno kama haya ya kibiashara ni kigingi kizuri, kwa kuwa fasheni yake haidumu. Mwaka 1958 santuri za stereo zilipoanza kuuzwa, neno la kujivunia likawa Stereo. Mbele ya redio yetu neno hilo halipo.

Kasha na vifundo, kwa tahadhari

Sasa tuangalie mbao. Historia fupi ya kasha ni kwamba lilianza kwa kusimama likaishia kwa kulala. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 redio ilikuwa ndefu kama jiwe la kaburi, spika juu na tundu dogo la namba chini, tena namba zenyewe mara nyingi 0 hadi 100 tu, bila mita wala miji. Kadiri miaka ilivyokwenda kasha lilipanuka kwa ubavu, na kioo kikakua hadi kikachukua upana wote. Miaka ya kati ya 1950 pembe zilikuwa za mviringo, vanishi nzito inayong'aa, na utepe wa shaba nyembamba kuzunguka uso. Kufikia 1960 pembe zikawa kali na kasha likawa bapa.

Kasha la Mkomani ni la mviringo, lakini halina vanishi ya kung'aa. Limepakwa kitu cheusi chenye mistari ya brashi, na ubavu wa kulia rangi ya mbao yake ni tofauti. Hapa nisingejenga hoja yoyote juu ya rangi. Kasha la redio za aina hii ni mbao za tabaka zilizobandikwa gundi, na juu yake ganda jembamba la mti mzuri. Hewa ya bahari hulegeza gundi, ganda huinuka kama ngozi ya vitunguu, na mwenye redio humwita seremala. Umbo la pembe za mbele, ambazo ni za asili, linakubaliana na miaka ya kati ya 1950. Zaidi ya hapo kasha halikuulizwa.

Lakini lilitoa ushahidi mmoja ambao seremala hakuufuta. Upande wa juu wa kitambaa cha spika kuna vitundu viwili vya misumari, na kati yake kitambaa ni cheupe kuliko kwingine, kwa umbo la ngao. Nembo iling'oka, lakini jua la dirishani lilikuwa limekwisha kuchora kivuli chake. Ngao yenye nyota na mawimbi ni nembo ambayo Philips ilianza kuitumia 1938. Bi-Ampli ilikuwa imenitosha, na ngao ikatia muhuri.

Vifundo ni viwili vikubwa, kushoto na kulia. Cha kushoto ni cha rangi ya maziwa chenye pete ya shaba, nacho kinaendana na meno ya kinanda. Cha kulia ni cha bakelaiti ya kahawia, kikubwa kidogo, na kimekaa upande. Mtu angeweza kusema hii ni redio ya miaka ya 1940 kwa sababu bakelaiti ya kahawia ni ya zamani. Kweli ni ya zamani, ila si ya redio hii. Vijiti vya redio za bara Ulaya huwa na unene wa milimita 6, na vya Kiingereza robo ya inchi, yaani milimita 6.35. Kifundo cha Kiingereza kikiwekwa kwenye kijiti cha Uholanzi hucheza, na skrubu yake ikikazwa hukiegemeza upande mmoja. Kule kukaa upande ndiko kulikonionyesha kwamba ni mgeni. Kanuni yangu ni hii: vifundo viwili vikitofautiana, amini kile kinachofanana na sehemu zisizong'oleka.

Nyuma ya redio

Mpaka hapo ua ulikuwa umebana: Philips, ya kuuzwa nchi za joto, kati ya 1955 na 1959 hivi. Kijana akauliza kama anaweza kuichomeka aone kama inalia. Nilimkataza, na nitasema sababu kwa sababu wengi hawaijui. Baadhi ya redio za zamani, hasa zile zilizoundwa kutumia umeme wa aina zote mbili, bati lake la ndani limeunganishwa moja kwa moja na waya mmoja wa stima. Kifundo kikikosekana, kijiti kilicho wazi au skrubu yake inaweza kukuua. Hata iliyo salama kwa hilo, sehemu zake za kuhifadhi umeme huwa zimekufa kwa unyevu, na dakika moja ya kuijaribu hutosha kuunguza transfoma isiyopatikana tena.

Badala yake nilimwomba aigeuze na kupiga picha ya ubao wa nyuma. Huko Philips waliandika jina la aina, na jina hilo kwa kampuni hii si namba ya kubahatisha, ni sentensi. Chukua mfano wa redio yao ndogo ya Kijerumani, Philetta, yenye namba BD233U. B ni redio ya mezani. D ni ya Ujerumani. Zile za makao makuu Eindhoven zina X. 2 ni daraja la bei, na ukubwa wa namba hupanda na bei. 3 ya kwanza ni mwaka, 1953, na ya pili ni namba ya mtindo. U ni umeme wa aina zote mbili. Pangekuwa na A, ingekuwa ya mkondo geu, kama stima yetu ya ukutani. B ya mwisho ingekuwa ya betri.

Picha ya nyuma ilikuja, na mchwa walikuwa wamenitangulia. Ubao wa nyuma ni karatasi ngumu, na robo yake ilikuwa imeliwa. Yaliyobaki ni B6X, kisha pengo, kisha A. Namba mbili za katikati, ile ya mwaka na ile ya mtindo, zilikuwa tumboni mwa mchwa.

Hata hivyo herufi zilizobaki hazikuwa bure. Tazama mpangilio wake. Katika BD233U daraja linafuata herufi zote mbili. Katika hii, daraja la 6 limeingia katikati ya B na X. Philips walibadili mpangilio huo katikati ya muongo: redio zao za 1955 bado zinaandikwa kama BX653A, na za 1956 zinaandikwa kama B6X63A. Kwa hiyo ubao ulioliwa ulisogeza kigingi cha mwanzo mwaka mmoja mbele, hadi 1956. Kigingi cha mwisho kilibaki pale kilipowekwa na jicho la upepeo, mwisho wa miaka ya 1950. Jina la aina likawa B6X, daraja la juu, mkondo geu, Bi-Ampli. Mtindo kamili utapatikana siku fundi atakapofungua na kusoma namba zilizogongwa ndani kwenye bati. Kwa picha tumefika ukingoni.

Swali la stima

Ilibaki herufi moja ambayo ilinisumbua kuliko zile zilizoliwa: A. Redio hii haikuweza kulia bila umeme wa ukutani. Hata pasipo herufi hiyo jicho lingetuambia. Jicho la kijani na taa za kioo hula umeme bure, na redio ya betri haina wa kuchezea. Mji wa Lamu wa miaka ya 1950 ulikuwa mji wa taa za mafuta.

Waliokuwa mbali na nyaya walihitaji redio za aina nyingine kabisa. Inayojulikana zaidi Afrika ni ile iliyotengenezwa na kampuni ya Ever Ready mwaka 1949 kwa ajili ya Rhodesia Kaskazini, Zambia ya leo. Kasha lake lilikuwa sufuria ya alumini ya mviringo, yenye rangi ya buluu, na ndiyo sababu iliitwa redio ya sufuria. Ilikuwa na valvu nne, iliuzwa pauni tano, na betri yake kavu, iliyouzwa peke yake, ilidumu saa 300 hivi. Redio za mbao za betri nazo zilikuwapo. Katika picha utazitambua kwa mambo yanayokosekana: hakuna jicho, hakuna taa nyuma ya kioo, na nyuma hakuna waya wa ukutani bali plagi ya betri.

Basi nikamwandikia kijana kwamba redio ni ya 1956 hadi 1959, kwamba babu hakusikia vita kwa redio hii, na kwamba huenda hakuisikiliza Lamu kabisa. Nikamwomba amuulize bibi yake, bila kumwambia nilichosema, ilifika vipi nyumbani.

Bibi alicheka, kijana akaniandikia. "Ilikuya na jahazi," alisema. Babu alikuwa na kazi bandarini Mombasa, mji uliokuwa na kampuni ya umeme tangu 1908, na redio ililia huko, chumbani kwake, mpaka aliporudi kwao uzeeni. Ikapakiwa pamoja na magodoro. Ya wakati wa vita ilikuwa ya jirani, nayo bibi aliikumbuka kwa kitu kimoja tu: betri yake ilikuwa kama tofali, na ilipokufa watoto waliivunja kutafuta kaa lake wachoree ukutani.

Kijana ameandika kibandiko kipya na kukiweka chini ya redio: "Philips B6X, Mombasa, 1956–59." Ameniuliza kama sasa anaweza kuipiga vanishi ing'ae. Nimemwambia apige kasha akipenda, ila kile kivuli cha ngao kwenye kitambaa asikiguse.